Tani Moja ya Mchanga wa Kwale Ilinunua Mapipa Mangapi?

Watu wa Kwale tuna swali letu moja tulilolizoea: "Kwani ile titaniamu inauzwa pesa ngapi?" Nimelisikia barazani Msambweni, nimelisikia kwenye matatu ya Ukunda kwenda Likoni, na juzi nikalisoma tena chini ya video yangu. Kila mtu ana jibu lake, na kila jibu ni namba kubwa yenye sifuri nyingi.

Mimi naona hilo ni nusu ya swali. Bei peke yake haikwambii kama nchi imepata ama imepoteza. Ukitaka kujua hilo lazima uulize na nusu ya pili: pesa hizo zinanunua nini? Maana Kenya haiuzi madini ili iweke dola kwenye kabati. Inauza ili inunue mafuta, ngano, mbolea, mashine na simu hiyo uliyoshika. Wanauchumi huchukua bei za tunachouza nje, wakazigawa kwa bei za tunachonunua kutoka nje, na hapo wanapata uwiano wa bei za biashara. Uwiano ukipanda, mzigo uleule tunaosafirisha unaturudishia bidhaa nyingi kuliko zamani. Ukishuka, tunatoa jasho lilelile na tunarudi na kapu dogo.

Najua inasikika kama darasa la biashara, lakini tulieni. Tutatumia mgodi wetu wenyewe na mtaona mambo yalivyo.

Kwa wale ambao hamkukulia huku, mgodi ulikuwa ndani kidogo ya barabara kuu ya kusini, upande wa Nguluku na Maumba, ambako familia zilihamishwa ili mchanga uchimbwe. Kampuni ya kwanza kuutaka ilikuwa Tiomin ya Kanada, tangu miaka ya 1990. Mwaka 2010 mradi ukachukuliwa na Base Resources ya Australia, na kampuni yake ya huku tukaijua kwa jina la Base Titanium. Mchanga ulikuwa na madini matatu: ilmenaiti na rutaili, ambayo kazi yake kubwa ni ule weupe wa rangi za kupaka nyumba, na zirkoni inayotumika kwenye vigae vya sakafu. Malori yalibeba mzigo hadi gati ya kampuni kule Likoni, na meli ya kwanza ikaondoka Februari 2014. Ukiwa umepanda matatu asubuhi na mbele yako kuna yale malori, basi ulikuwa unafuata nyuma ya mauzo ya nje ya Kenya bila kujua.

Sasa twende kwenye bei. Nitashika rutaili peke yake, kwa sababu nikichanganya zote tatu tutapotea. Na namba nitakazotoa ni za soko la dunia, tena nimezikata ziwe nyepesi. Si mikataba ya kampuni fulani.

Mwaka 2012, wakati vyuma vya kiwanda vinasimamishwa kule Kwale, tani moja ya rutaili ilikuwa juu ya dola 2,000. China ilikuwa inajenga miji kwa kasi, kila ghorofa linataka rangi na vigae, na wanunuzi wakawa wanakimbizana kuweka akiba. Ndiyo bei iliyowafanya watu waone mgodi wa Kwale kama hazina. Lakini bei ikipanda namna hiyo hujichimbia kaburi. Viwanda vilianza kubana matumizi, vigae vikatengenezwa kwa zirkoni kidogo zaidi, na zile akiba zilizojazwa kwenye maghala zikaanza kutumiwa badala ya kununua mpya. Meli ya kwanza ilipong'oa nanga Likoni 2014, tani ileile ilikuwa imeshuka hadi kama dola 780. Mgodi ulipangwa wakati wa bei ya sherehe ukafunguliwa wakati wa kuosha vyombo.

Kufikia 2016 ilikuwa imeshuka tena kidogo, kwenye dola 715 hivi. Ukiangalia dola peke yake utasema mambo yalizidi kuharibika kutoka 2014 hadi 2016. Na hapo ndipo ile nusu ya pili ya swali inaleta kazi.

Chukua kitu ambacho Kenya lazima inunue nje: mafuta. Hatuna ujanja hapo. Hata kile kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe kilisimama 2013, kwa hivyo petroli, dizeli na mafuta ya taa vyote huingia kwa meli vikiwa tayari. Mwaka 2012 pipa moja la mafuta ghafi, kwa kipimo cha Brent, lilikuwa wastani wa dola 112. Gawa hata dola 2,000 kwa 112, unapata tani moja ya rutaili kwa karibu mapipa 18. Mwaka 2014 wastani wa pipa ulikuwa dola 99. Dola 780 kwa 99 ni kama mapipa 8. Aisee, kumi yamepotea! Mchanga ni uleule, mtambo ni uleule, na dereva wa lori anaamka saa ileile.

Halafu mafuta nayo yakaanguka. Wamarekani walikuwa wanapasua miamba na kutoa mafuta mengi, na Novemba 2014 nchi za OPEC zikakataa kupunguza uzalishaji wao. Januari 2016 pipa lilishuka hata chini ya dola 30, na wastani wa mwaka ule ukawa dola 44. Fanya hesabu tena: 715 kwa 44 ni mapipa 16. Yaani kutoka 2014 hadi 2016 bei ya rutaili ilishuka, na bado tani moja ilinunua mafuta mara mbili ya awali. Yule aliyekuwa akilia kwamba "bei imeshuka" alikuwa sahihi kuhusu dola na amekosea kuhusu mafuta.

Twende 2022. Baada ya korona watu walirudi kujenga, na tani ya rutaili ikapanda hadi dola 1,500 hivi, zaidi ya mara mbili ya 2016. Mtu angesherehekea. Lakini vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari mwaka huohuo, na wastani wa pipa ukafika kama dola 100. 1,500 kwa 100 ni mapipa 15. Bei imeongezeka maradufu na tumerudi palepale pa 2016, tena pungufu ya pipa moja.

Mwenye akili atanipinga hapa, na ana haki: nchi hainunui mafuta peke yake. Kweli kabisa. Kwa hivyo tufanye hesabu ya haki zaidi. Sema 2014 ni mwaka wa kuanzia na kila bei tunaiandika 100. Kufikia 2016 rutaili imeshuka kutoka 780 hadi 715, hiyo ni 92. Mafuta yameshuka kutoka 99 hadi 44, hiyo ni 44. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba mafuta ni moja kwa tano ya kapu letu la manunuzi, na sehemu nyingine nne hazikubadilika bei. Ukichanganya, kapu zima linashuka kutoka 100 hadi kama 89. Gawa 92 kwa 89, zidisha kwa 100, unapata 103. Umeona? Tunachouza kimeshuka bei kwa asilimia 8 na bado uwiano umepanda kidogo, kwa sababu tunachonunua kimeshuka zaidi. Si maradufu kama ile hesabu ya mapipa, lakini mwelekeo ni uleule.

Hivi ndivyo nchi nzima hupimwa, isipokuwa juu wanaweka chai, maua, kahawa na mengine, na chini wanaweka kapu kamili. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, huchapisha kipimo hiki katika ripoti yake ya uchumi ya kila mwaka. Titaniamu ilikuwa kipande kidogo tu cha mauzo yetu mbele ya chai. Nimeichagua kwa sababu ni yetu, na kwa sababu unaweza kuifuata tangu ilipoanza hadi ilipokwisha.

Na kabla mtu hajaniletea shilingi hapa: thamani ya shilingi ni jambo jingine. Shilingi ikianguka mbele ya dola, kama ilivyotutesa 2023, petroli hupanda na muuzaji wa nje hupata shilingi nyingi. Lakini rutaili huuzwa kwa dola na mafuta hununuliwa kwa dola. Tani moja ingali inanunua mapipa yaleyale, hata dola ikiwa shilingi 86 ama 160. Shilingi huamua nani ndani ya Kenya anaumia na nani anacheka. Ule uwiano huamua Kenya nzima inapata nini kutoka kwa dunia.

Sasa swali la uchungu: mapipa hayo 15 ama 16 yalikuwa ya nani?

Tani haikuwa ya Kwale. Ilikuwa ya kampuni, na kilichobaki Kenya ni mishahara, kodi, manunuzi ya humuhumu, na mrabaha, yaani ada ya kuchimba mali ya umma. Tushike mrabaha. Mwanzoni ulihesabiwa kwa asilimia 2.5 ya mauzo. Sheria ya Madini ya 2016 ikasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 Serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii inayokaa pale penye madini. Kwa tani ya dola 715, asilimia 2.5 ni karibu dola 18, na fungu la jamii ni kama dola 1.80. Kwa tani ya dola 1,500, mrabaha ni dola 37.50, na fungu la jamii ni dola 3.75. Hata ukitumia kiwango cha asilimia 5, zidisha kwa mbili tu. Na hapo nazungumzia fungu kwenye karatasi, si pesa mkononi. Ngoja ya jamii kupata fungu lake ilikuwa ndefu, nyie mnajua.

Linganisha na upande wa chini. Mvuvi wa Msambweni mwenye mashua ya injini hana tani ya rutaili. Ana mtungi wa petroli. Mwanzoni mwa 2016 lita ilikuwa chini ya shilingi 90. Katikati ya 2022 ilipita shilingi 150. Bei ya madini ilipopanda, yeye alipata kipande cha kipande cha kipande. Bei ya mafuta ilipopanda, aliilipa yote, kila alfajiri, kabla hajavua hata changu mmoja. Uwiano wa nchi unaweza kusimama palepale kwenye ripoti, na ndani yake watu wa Kwale wakawa wamerudi nyuma, kwa sababu ile bei ya juu tunaigawana na wengi na ile ya chini inatufikia nzima nzima.

Ndiyo maana huwa sikubali mtu akiniambia "nchi imefaidika" halafu anyamaze.

Jambo hili pia si geni huku kwetu. Tulishawahi kuwa na uwiano mzuri kupita kiasi, kwa miaka mingi, na ulitokana na pembe za ndovu. Karne ya 19 Wazungu na Wamarekani walizitaka kwa vinanda, vitana na mipira ya biliadi, na bei ikawa inapanda muongo baada ya muongo. Upande wa pili, kilichokuwa kinaingia pwani zaidi ni nguo, na viwanda vya mashine vilikuwa vinaifanya nguo iwe rahisi. Wafanyabiashara kutoka Salem, Marekani, walileta pamba ngumu isiyopaushwa kwa wingi hivi kwamba hadi leo tunaiita merekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani, na tangu hapo jora zilimiminika Zanzibar na kusambaa pwani yote.

Kwa hivyo pembe moja ilinunua nguo nyingi, na mwaka uliofuata ikanunua nyingi zaidi. Ni kinyume kabisa cha 2014. Kulikuwa na misukosuko: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, merekani ikawa ghali, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikajaza nafasi. Lakini mkondo mkubwa ulikuwa upande wetu.

Na watu wetu walikuwemo. Mmoja wao tunamjua kwa jina: Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi, Udigoni. Alizijua njia za misafara kwenda bara vizuri mno, hata mmishenari Thomas Wakefield aliandika maelezo yake na yakachapishwa London mwaka 1870. Gazi hiyohiyo unayopita ukienda Msambweni, ambayo leo tunaijua kwa mikoko.

Lakini soma hizo njia uone zinakwenda wapi. Zinapanda Kilimanjaro, zinaingia Umasaini, zinaendelea mbali zaidi. Ndovu wa karibu walikuwa wanakwisha. Pembe ilinunua nguo nyingi zaidi sokoni, sawa, lakini kuipata kulihitaji miezi zaidi ya kutembea, wapagazi zaidi, chakula zaidi na vifo zaidi njiani. Ule uwiano wa bei haulioni hilo. Wenyewe unaanza kuhesabu pale pembe inapofika pwani.

Mgodi wetu ulifanya vivyo hivyo, ila kwa bomba na maji. Rundo la kwanza la mchanga, lile la kati, lilikuwa tajiri, na lilikwisha 2019. Wakahamia rundo la kusini, ambalo mchanga wake ulikuwa na madini machache kwa kila tani. Walijua mapema, na tayari walikuwa wameongeza kasi ya kuchimba ili kiwanda kisikose mzigo. Kwa hivyo zile tani za 2022 zilizonunua mapipa 15 zilitaka mchanga mwingi zaidi usogezwe kuliko zile za 2016 zilizonunua mapipa 16. Umeme, maji na mashine za kusogeza mchanga huo zina gharama, na mashine zenyewe huagizwa kutoka nje.

Ukiniuliza, hapa ndipo historia ya mgodi huu inaumiza. Madini hayaoti tena. Mkulima wa chai bei ikiwa mbaya mwaka huu, mche bado upo, mwaka ujao atachuma tena. Mchanga uliouzwa 2014 kwa mapipa 8 haukurudi 2016 kusubiri mapipa 16. Kampuni haikuweza kungoja, ilikuwa na mikopo ya kulipa, na mkopo hauangalii bei ya pipa. Desemba 2024 uchimbaji ukasimama kabisa. Mafuta tunaendelea kununua.

Sasa macho yote yako Mrima, kile kilima cha msitu kule ndani ya kaunti yetu chenye madini adimu. Utawasikia watu wakitaja dola bilioni 62. Namba hiyo ilitoka kwa kampuni iliyokuwa inataka kuchimba, Cortec, ambayo leseni yake ilifutwa 2013. Ni makadirio yao: tani zinazodhaniwa ziko chini, mara bei. Bei ya lini? Madini adimu yalipanda kama moshi 2010 na 2011 China ilipobana mauzo yake ya nje, halafu yakaporomoka. Hesabu ukiifanya kwa bei ya kileleni unapata utajiri mmoja, ukiifanya miaka miwili mbele unapata mwingine, na kilima hakijasogea hata inchi.

Kwa hivyo mkutano wa hadhara ukiitishwa, na wataitisha, nitakwenda na kikokotoo. Nitataka kujua bei waliyotumia ni ya mwaka gani, ikishuka nusu mgodi unasimama ama unaendelea kuchimba kwa hasara ili ulipe mikopo, na katika kila tani fungu letu linanunua lita ngapi za petroli pale Msambweni. Nikipewa sifuri nyingi tu, narudi nyumbani.